Lenzi iliyochanika chini ya kope: kisa cha kipande kilichobaki

Kisa hiki ni cha mfano, kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kila mara kwa wavaaji wa lenzi za macho. Mhusika ni mwanamke wa miaka 26 asiyeona mbali vizuri, nambari yake ya miwani ni −4.00 kwa macho yote mawili. Anavaa lenzi laini za mwezi mmoja. Siku hiyo alizivaa tangu asubuhi, akashinda mbele ya kompyuta, na saa nne usiku akasimama mbele ya kioo kuzivua huku macho yamekauka. Ya kushoto ilitoka vizuri. Ya kulia aliibana kwa vidole viwili kama alivyozoea, ikakataa. Akabana tena kwa nguvu zaidi, akahisi kitu kimeteleza, na alipotazama kidole hakuona lenzi. Jicho likaanza kukwaruza upande wa juu kila alipopepesa.

Alichomwambia mdogo wake aliyekuja na tochi ya simu ndicho anachosema karibu kila mtu: "Imeingia nyuma ya jicho."

Haiwezi. Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba unaoonekana kama haupo. Utando huo hauishii kwenye weupe. Unapanda juu, unajikunja, kisha unarudi chini ukiwa umeshikamana na upande wa ndani wa kope. Chini ya kope la chini ni vivyo hivyo. Kwa hiyo nafasi iliyopo kati ya kope na jicho ni kama mfuko ulioshonwa upande wa chini: kitu kinaweza kuzama hadi mwisho wa mfuko, lakini hakina pa kupitia kwenda kwingine. Mfuko wa juu ni wa kina kuliko wa chini, na kope la juu ndilo linalopanda na kushuka kila tunapopepesa, ndiyo maana lenzi ikihama hupenda kwenda kujificha huko. Lenzi laini ina upana wa takriban milimita 14, lakini ni nyembamba mno. Ikikunjwa mara mbili inakuwa uzi tu, na mtu anaweza kuitazama asiione.

Kosa la kwanza la usiku ule lilikuwa kubana lenzi kavu. Kama angeidondoshea matone ya kulainisha na kusubiri dakika chache, pengine ingetoka bila shida. Lenzi laini iliyokauka hugandamana na konea, yaani kile kioo kinachoonekana mbele ya jicho. Ukiibana hivyo, unaweza kuivunja ukingo, na ukucha unaweza kupita juu ya konea yenyewe. Yote mawili yalimpata, ingawa wakati ule hakujua.

Je, lenzi bado imo?

Hili ndilo swali la kujibu kabla ya kugusa jicho tena, na ndilo watu wanaloliruka. Naliweka mbele kwa sababu madhara mengi ninayoyafahamu katika visa vya aina hii hayaletwi na lenzi. Yanaletwa na vidole vinavyotafuta lenzi ambayo imeshaanguka sakafuni.

Mdogo mtu alianza vizuri. Alizuia bomba lisifunguliwe, akamulika sinki kwa tochi ikiwa imelazwa ubavu, maana lenzi iliyolowa hung'aa mwanga ukiipiga kutoka pembeni. Akaangalia sakafu, shavu la dada yake, nywele za kope, kifua cha nguo, na nyuma ya vidole. Akafungua kijaluba cha lenzi aone kama zote mbili zimo. Hilo si la kuchekesha: kuna wanaosahau kwamba wameshaivua, na kuna wanaogundua asubuhi kwamba walivaa mbili kwenye jicho moja. Hakupata kitu.

Kisha kuna kipimo cha kuona. Mtu mwenye −4.00 asiyevaa lenzi huona maandishi kwa uwazi yakiwa takriban sentimita 25 kutoka jichoni. Yakisogezwa mbali zaidi yanafifia. Alifunika jicho la kushoto, akashika kitabu. Kwa karibu aliona vizuri, akinyoosha mkono herufi zikavurugika. Akavaa miwani yake ya kawaida, na lile jicho la kulia likaona mbali sawasawa. Hapo jibu lilikuwa wazi: juu ya konea hapakuwa na lenzi. Kama ingekuwepo, miwani ingeongeza nguvu juu ya nguvu na kila kitu kingekuwa ukungu. Mwenye nambari nyingine atapata umbali tofauti, ila hesabu ya miwani inamfaa karibu kila mwenye miwani inayolingana na lenzi zake.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kinasema lenzi haipo katikati, hakisemi kama imo ndani ya mfuko wa kope au imetoka kabisa. Wala hisia ya kukwaruzwa haitoi jibu. Konea ina neva nyingi mno za maumivu, na mchubuko mdogo juu yake humfanya mtu aape kwamba kuna kitu chini ya kope, hata kama hakuna. Anayetegemea hisia hiyo peke yake ataendelea kuchokonoa, mchubuko utakua, na hisia itazidi. Anazidi kuamini lenzi imo kwa sababu ya jeraha analolichimba mwenyewe.

Namna walivyoitafuta

Alinawa mikono kwa sabuni, akasuuza vizuri na kuikausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha akadondosha matone ya kulainisha macho, yale yaliyoandikwa kwamba yanafaa kwa wavaaji wa lenzi. Salaini safi, yaani maji ya chumvi yasiyo na dawa ndani yake, yaliyofungwa kiwandani, ingefaa vilevile. Maji ya bomba hayafai hata kidogo, wala ya chupa ya kunywa, wala mate. Majini huishi kijidudu kiitwacho akantamiba, ambacho kikipata konea iliyochubuka husababisha maambukizi magumu sana kutibu, na jicho lenye lenzi ndilo linaloshambuliwa zaidi. Dawa ya kusafishia lenzi yenye haidrojeni peroksaidi nayo ikae mbali. Imetengenezwa kukaa na lenzi kwa saa kadhaa ndani ya kijaluba chake maalumu hadi ukali wake uishe. Ikiingia jichoni ikiwa mbichi inaunguza. Ukiwa na haraka na jicho moja halioni, chupa hizi hufanana, kwa hiyo soma lebo.

Baada ya matone, jambo la kufanya ni kusubiri. Lenzi laini hunywa maji. Ikipewa dakika tano hadi kumi hulegea na kuanza kuelea. Wengi hudondosha tone moja, wanapepesa mara tatu, wanakata tamaa na kurudi kwenye kucha. Huyu alidondosha matone kadhaa, akafumba jicho, akakaa. Jicho likiwa limefumbwa, alielekeza macho chini, akaweka ncha laini ya kidole juu ya kope, karibu na nyusi, na kulisugua polepole kuelekea chini na upande wa pua. Mkono uwe mwepesi kiasi cha kusogeza ngozi tu. Lengo ni kuisindikiza lenzi kuelekea katikati ya jicho, ambako inaweza kuonekana na kushikwa.

"Sasa fungua, dada, utazame chini. Chini kabisa, kama unahesabu vidole vya miguu."

Mdogo mtu, naye ameshanawa, akainua kope la juu kwa kulishika karibu na nywele zake na kulivuta mbele kidogo, kisha juu. Maelekezo ya kutazama chini yanawachanganya watu, kwa kuwa kitu kinadhaniwa kiko juu. Lakini ukitazama juu, weupe wa juu unaingia ndani ya kope na kila kitu kinafichwa. Ukitazama chini, sehemu hiyo ndiyo inayojitokeza. Kanuni ni kutazama upande ulio kinyume na pale unapoishuku lenzi.

Mara ya kwanza hawakuona kitu. Walirudia matone, wakasubiri, wakasugua. Safari hii kwenye kona ya ndani, pale machozi yanapokusanyika, kikatokea kitu kinachong'aa. Hakikunyofolewa kwa kucha. Alikisogeza kwa ncha ya kidole kuelekea kona, kikatoka chenyewe.

Wengi wangeishia hapo na kwenda kulala. Mdogo mtu alifanya jambo moja dogo lililobadilisha kisa kizima: aliweka kile kitu kwenye kidole, akakidondoshea tone, akakiacha kikunjuke. Lenzi nzima inakaa kama kibakuli chenye ukingo wa mviringo usiokatika. Hii ilikuwa na ukingo wa mviringo upande mmoja, na upande mwingine ulikuwa umechanika kwa mshazari. Karibu theluthi moja haikuwepo.

Lini kuacha

Wakatafuta tena kidogo, hawakuona. Saa tano na nusu jicho lilikuwa jekundu, machozi yanamtoka, na mwanga wa taa ya chumbani ulianza kumkera. Hapo wakaacha.

Maoni yangu ni kwamba mizunguko miwili ya matone, kusubiri na kusugua inatosha nyumbani. Ukiwa na jicho lisilouma, lisilo jekundu, linaloona sawasawa kwa miwani, na unashuku tu kwamba lenzi imo, unaweza kulala na kwenda kwa mtaalamu wa macho kesho yake. Kuiacha kwa siku kadhaa ukisubiri itoke yenyewe ni jambo jingine, kwa sababu lenzi iliyokwama inahifadhi vijidudu dhidi ya jicho na kulipunguzia hewa. Lakini maumivu yanayoongezeka, wekundu unaoenea, kuchukia mwanga, ukungu usioondoka ukivaa miwani, usaha, au doa jeupe juu ya konea havingojei. Hivyo ni kwenda siku hiyohiyo, na kama ni usiku, kwenda panapopokea dharura. Kwa mvaaji wa lenzi dalili hizo huweza kuwa mwanzo wa kidonda cha konea, na baadhi ya bakteria wanaokisababisha, hasa sudomonasi, wanaweza kuharibu konea ndani ya siku moja au mbili. Vivyo hivyo kwa aliyepigwa jichoni akiwa amevaa lenzi, au aliyemwagikiwa kemikali. Wa kemikali haanzi kutafuta lenzi. Anasuuza jicho papo hapo kwa maji mengi safi, na hapo tu ndipo maji ya bomba yanakubalika, kwa sababu kila dakika ya kemikali inaunguza.

Huyu alikuwa na maumivu, wekundu na kuchukia mwanga, hivyo walitoka usiku uleule. Alivaa miwani, akaiacha lenzi ya kushoto nje pia. Kipande kilichotoka walikiweka kwenye kijaluba, wakabeba na chupa ya dawa ya lenzi. Ni mzigo mwepesi wenye faida: daktari akiona kipande anajua ukubwa wa kilichobaki, na ikija kuwa maambukizi, kijaluba kinaweza kupimwa kijulikane kijidudu.

Kilichopatikana

Daktari alianza kwa kumsomesha herufi akiwa na miwani, jicho moja moja. Jicho la kulia lilipungukiwa mistari miwili ikilinganishwa na la kushoto. Kisha tone la ganzi, na ndani ya dakika moja mgonjwa akafungua jicho kwa mara ya kwanza bila kukunja uso. "Daktari, hii si naweza kwenda nayo nyumbani?" Akajibiwa hapana, na sababu ni nzito: ganzi ikitumiwa mara kwa mara inazuia konea isipone, na inamnyima mtu maumivu yanayomwambia kwamba hali inazidi kuwa mbaya.

Hatua iliyofuata ni rangi ya manjano iitwayo floresini, ambayo hung'aa kijani chini ya mwanga wa buluu. Ina kazi mbili hapa. Inajaza mahali popote konea ilipochubuka, na inaloweka lenzi laini hadi ile iliyokuwa haionekani ing'ae. Lenzi iliyoloa rangi hiyo haivaliki tena, jambo ambalo kwa kipande kilichochanika si hasara.

Chini ya darubini ya macho konea ilionyesha mstari mmoja mwembamba wa kijani, uliolala pembeni kidogo ya katikati. Huo ni ukucha. Kope la juu likageuzwa nje kwa msaada wa kijiti cha pamba, mgonjwa akitazama chini. Sehemu iliyogeuzwa ilikuwa safi. Watu wengi hudhani kope likishageuzwa basi kila kitu kinaonekana, kumbe mwisho wa ule mfuko bado umejificha juu zaidi. Daktari akaligeuza kope mara ya pili kwa kifaa chembamba cha chuma kinacholiinua, na huko mwisho, upande wa sikio, ukaonekana uzi uliokunjwa, unang'aa kijani. Ulitolewa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa. Daktari aliukunjua kando ya kipande cha kwanza, na kingo zikakutana. Baada ya hapo alisuuza mfuko kwa salaini na kupitisha kijiti kingine, maana lenzi iliyochanika inaweza kuacha zaidi ya kipande kimoja.

Kugeuza kope mara mbili si kazi ya nyumbani, wala kuingiza kijiti cha pamba kikavu, kibano cha nyusi au kona ya leso chini ya kope. Pamba kavu inachubua konea na kuacha nyuzi.

Kama kipande kile kingeachwa, huenda kingekaa kimya kwa muda mrefu. Mwaka 2017 madaktari wa Uingereza waliripoti mwanamke wa miaka 67 aliyeletwa kwa upasuaji wa mtoto wa jicho, wakamkuta na lenzi 27 chini ya kope la jicho moja, 17 kati yake zikiwa zimegandamana kuwa donge. Alikuwa amevaa lenzi za mwezi mmoja kwa miaka 35, na ile karaha aliichukulia kuwa ukavu na uzee. Upasuaji uliahirishwa, kwa sababu jicho lenye mzigo huo hubeba bakteria wengi wanaoweza kuingia ndani wakati wa kulikata.

Baada ya kutolewa

Maumivu hayakuisha kipande kilipotoka, na hilo alielezwa kabla ganzi haijaisha asije akarudi kuchokonoa. Kilichokuwa kinauma sasa ni mchubuko. Alipewa matone ya antibayotiki, akaambiwa arudi kuangaliwa kesho yake. Hakufungwa bandeji jichoni: kwa mvaaji wa lenzi, jicho lililochubuka likifungwa linapata joto na giza ambavyo bakteria wanavipenda, na hakuna anayeona likibadilika. Hakupewa matone yenye steroidi, na asingepaswa kuyatafuta mwenyewe au kutumia yaliyobaki ya mtu mwingine. Yanaondoa wekundu huku yakiacha maambukizi yaendelee chini kwa chini.

Mchubuko mdogo wa aina yake huziba ndani ya siku moja hadi tatu. Kesho yake mstari wa kijani ulikuwa umefifia na kuona kwake kumerudi sawa na la kushoto. Lenzi hazikurudi jichoni siku hiyo. Aliendelea na miwani hadi daktari alipothibitisha konea imeziba na matone yamekwisha, kisha akaanza na jozi mpya na kijaluba kipya.

Wavaaji wa lenzi ngumu wabadilishe sehemu moja ya maelezo haya. Lenzi yao ni ndogo, mara nyingi milimita 9 hadi 10, haikunjiki, na ikihamia kwenye weupe wa jicho hushika kwa mvutano. Kuisugua juu kwa juu huikandamiza tu na ukingo wake ukachubua. Baada ya matone, ukingo wa kope hutumiwa kubonyeza taratibu kando ya lenzi, hewa au machozi yakiingia chini yake inaachia. Kile kikombe kidogo cha mpira cha kunyonyea kinatumika pale tu unapoiona lenzi kwa macho yako kwenye kioo. Kikibandikwa mahali unapodhani ipo, kitavuta konea.